Mcheza kwao hutuzwa, lakini hutuzwa na nani?

Mwezi wa nane ni mwezi wa Misa za shukrani. Mashemasi wamepewa daraja la upadre, kila padre mpya anarudi parokiani kwao, na sisi waseminari tunasambazwa huku na huko kuimba, kutumikia altareni na kubeba viti. Mwaka ule tulikuwa katika parokia moja ya wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Pamba ilikuwa imeshavunwa, vumbi lilikuwa jingi, na turubai lilikuwa dogo kuliko umati. Baada ya Misa na chakula zikaja hotuba. Tulihesabu sita. Katika nne za kwanza, methali ilikuwa moja tu: mcheza kwao hutunzwa.

Mwenyekiti wa halmashauri ya walei aliitumia kufungulia. Mwakilishi wa WAWATA akaitumia kabla ya kukabidhi kitenge na godoro. Mgeni kutoka serikalini akatanguliza "wahenga walisema", akatamka "mcheza kwao...", akanyamaza, na umati ukamalizia kwa sauti moja, "...hutunzwa!" Wa nne alipofika pale, hata walioitikia waliitikia huku wakigawiana soda. Hakuna aliyekosea. Lakini hakuna aliyesema kitu pia.

Wa tano alishukuru kwa kifupi akaketi. Wa sita alikuwa mzee wa ukoo wa mama yake padre, mtu wa miaka sabini na kitu, aliyekuja na fimbo. Tunaandika maneno yake kama tulivyoyashika, kwa maana alichanganya Kiswahili na Kisukuma. "Mmesema mara nne kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimecheza. Nilikuwa Mgalu. Sasa nawaulizeni, nani aliwahi kunitunza kwa sababu nimezaliwa hapa?" Watu wakacheka. "Uwanja ni mmoja, ngoma ni mbili. Watu wako katikati. Ukicheza vizuri wanakuja kwako. Ukikosea mguu, wanakimbilia upande wa pili, hata shangazi yako anakimbia. Padre, mjukuu wangu, hapa ni kwenu, na hapa tunaijua ngoma. Ukiharibu, tutahama."

Kicheko kilikuwa kikubwa, kisha kikakatika ghafla, kwa sababu kila aliyekuwa chini ya turubai lile alielewa "upande wa pili" ni wapi. Kutoka pale kanisani hadi barabarani kuna makanisa mengine, yenye spika kubwa kuliko zetu, na karibu kila familia iliyokuwepo ina mtu aliyekwisha kuhama. Hilo ndilo lililokuwa mioyoni mwa watu siku nzima, na hotuba tano zilikuwa zimepita pembeni yake.

Tumekuwa tukiijadili hotuba ile bwenini tangu siku hiyo, maana somo la kuhubiri linatudai tujue kwa nini maneno yale yale yalikufa mara nne na kufufuka mara ya tano. Wengine wetu walisema ni umri wa mzee. Wengine wakasema ni ucheshi. Sisi tunaona sababu iko mahali pengine: wanne wa kwanza waliitumia methali kupamba jambo lililo rahisi kusema, na mzee akaitumia kubeba jambo lililo gumu kusema. Kumwambia padre siku ya furaha yake kwamba waamini wake wanaweza kumwacha, si jambo la kusema wazi wazi mbele ya paroko na wageni. Methali ilimpa njia. Na methali ikipewa kazi yake ya asili haihitaji kupambwa ili isikike mpya.

Tuangalie alivyofanya, maana kuna ufundi ndani yake hata kama yeye mwenyewe hakuupa jina. Kwanza aliirudisha methali uwanjani. Neno kutunza, au kutuza kama wengi wanavyotamka methali hii, mjini siku hizi linasikika zaidi kama kutunza mtoto au kutunza mazingira. Ndiyo maana mwakilishi wa akina mama alisema kwamba "tutamtunza padre wetu", akimaanisha chakula na mavazi. Lakini kumtunza mchezaji ni kumwendea akiwa katikati ya ngoma na kumpa fedha au zawadi kwa sababu amecheza vyema. Ni tuzo. Inatolewa na macho yaliyoona. Ukishalijua hilo, methali inabadilika mkononi: haisemi kwamba wa nyumbani hupendelewa, inasema kwamba wa nyumbani ndio wanaojua kuonja ngoma yake.

Kisha akaiweka katika uwanja wanaoujua watu wa Simiyu. Usukumani ngoma za baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi hadi wa nane, ni mashindano. Kuna vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo mwanzo wake hutajwa kuwa ni waganga wawili waliokuwa wakishindana, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Ndiyo maana kila msimu wachezaji hutafuta mbinu mpya, wengine hucheza na nyoka, wengine hubuni vinyago na vituko, kwa maana kituko cha mwaka jana hakimvuti mtu aliyekwisha kukiona. Mzee hakueleza haya yote. Alisema "uwanja ni mmoja, ngoma ni mbili", na wenye umri wa kujua wakajua. Vijana wasiojua walielewa kwa kutazama nyuso za wakubwa.

Jambo la tatu ndilo tunaloliona kuwa kubwa zaidi. Alikwenda hatua moja mbele ya pale methali inapoishia. Kila mtu huishia kwenye "hutuzwa". Yeye akauliza: na asipocheza vizuri? Methali zetu nyingi zina mlango wa namna hiyo upande wa nyuma, na ni wachache wanaoufungua.

Aliyeufungua kwa namna inayojulikana zaidi katika nchi hii ni Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya Ujamaa. Alichukua methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ilikuwa, na bado ni, ya mzaha: unamtania mgeni aliyekaa sana. Mwalimu aliitumia kusema jambo ambalo taifa changa halikupenda kuambiwa, yaani kwamba sifa yetu ya ukarimu haikuwa kamwe ruhusa ya kukaa bure, na kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi. Kisha akaongeza hatua yake: kwa kweli, alisema, mgeni mwenyewe huenda angeliomba jembe kabla hajapewa, kwa kuwa alijua linalotazamiwa kwake. Ni sentensi moja tu ya ziada, lakini inamgeuza mgeni kutoka mtu anayefukuzwa kwa adabu kuwa mtu mwenye heshima. Ukiiondoa, inabaki methali kama ile iliyochapwa kwenye khanga.

Na kabla ya Mwalimu yuko Bwana wetu mwenyewe, naye alikuwa kwao. Tusome tena Luka sura ya 4. Yesu yuko katika sinagogi la Nazareti, watu wanayashangaa maneno yake. Hasubiri wamtupie methali; anaitaja yeye kabla yao, ile ya mganga kutakiwa ajiponye mwenyewe, na anawaambia kwamba bila shaka wataisema. Halafu anaweka ya pili juu yake, kwamba nabii hakubaliwi katika nchi yake, na mara moja anaingia katika visa viwili walivyovijua: mjane wa Sarepta na Naamani wa Shamu. Ni methali mbili fupi, kisha majina ya watu na mahali. Tunajua zilivyopokewa: walitaka kumtupa kutoka ukingoni mwa mlima. Hatuleti mfano huu ili mapadre wapya watafute kutupwa mlimani. Tunaona tu kwamba nabii asiyekubaliwa kwao na mchezaji anayetuzwa kwao ni methali mbili zinazogombana, na kati yake kuna homilia nzima ya Misa ya shukrani ambayo hatujawahi kuisikia ikitolewa.

Sasa mtu atasema: mzee alikuwa na bahati, methali ya ngoma ilimkuta mchezaji ngoma. Tuchukue basi ile iliyochakaa kuliko zote, haba na haba hujaza kibaba, katika mahali inapotumika zaidi, yaani harambee ya kuezeka kigango. Tumeisikia katika kila harambee tuliyohudhuria. Anayeisema huisema mwanzoni, umati humalizia, na bahasha hupitishwa.

Tuanze na kitu chenyewe. Kibaba ni kipimo cha zamani cha nafaka. Vibaba vinne ni pishi moja. Katika soko la Bariadi leo hakuna anayekuuzia mahindi kwa kibaba. Utapimiwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne, au kwa debe. Wengi wa vijana wanaoitikia "hujaza kibaba" hawajawahi kukiona kibaba, na wala hakuna aliyewahi kuwaambia ni kitu gani. Kwa hiyo mnenaji aje na sado mkononi. Si kwa ajili ya kuigiza. Ni ili watu waone kitu kinachojazwa. Tuseme kigango kina kaya themanini. Kila kaya ikileta sado moja ya mahindi baada ya mavuno, sado tano zinafanya debe, kwa hiyo kaya themanini ni madebe kumi na sita. Na kwa hesabu ya madebe sita kwa gunia, ni magunia mawili na madebe manne. Hesabu hiyo inafanyika kwa sauti, polepole, watu wakiifuata. Hapo "haba" imekuwa na umbo, na kila mtu anajua haba yake ni ipi.

Lakini bado hatujafika kwenye lililo gumu, na bila hilo sado itabaki kuwa kituko cha siku moja. Kwa nini watu hawatoi? Katika vigango tulivyovijua, mara nyingi si kwa sababu hawajui kwamba kidogo kidogo hujaza. Ni kwa sababu walitoa mwaka juzi na hawakusomewa hesabu. Mnenaji anayejua hilo ana hatua yake ya ziada tayari: haba na haba hujaza kibaba, kama kibaba hakina tundu. Aseme hivyo, anyamaze kidogo, kisha afungue daftari asome mapato na matumizi ya mchango uliopita, na upungufu uliopo autaje yeye kabla hajaulizwa. Kama daftari halipo, basi methali hii asiitumie kabisa, kwa maana watu wataimalizia kwa midomo huku mioyoni wakilitazama tundu.

Hapa tunaomba tueleweke kuhusu umati kumalizia methali. Wako walimu wanaosema ni dalili mbaya siku zote. Hatukubaliani nao. Kuitikia ni desturi yetu, na mkutano usioitikia ni mkutano uliolala. Shida huja pale mnenaji anapoichukua ile sauti kama makofi na kupita. Mzee wetu aliiacha methali imaliziwe mara nne na watu wengine, ndipo akawashika palepale walipokuwa wamejiamini. Ukitaka kujua kama imeingia, usisikilize ukubwa wa mwitikio. Tazama kama watu wanageukiana. Mtu aliyeguswa na methali humtafuta jirani yake kwa macho, kuona kama naye amesikia alichosikia yeye.

Njia hii ina mipaka yake. Frateri wa miaka ishirini na sita hawezi kusimama mbele ya wazee na kusema "tutahama". Maneno yale yalipata haki yake kutoka katika mvi na katika ujomba wa mwenye kusema. Kijana akitaka methali hiyohiyo imsaidie, na aigeuzie kwake: mimi ndiye niliyeingizwa uwanjani, ninyi ndio mnaoijua ngoma, nikikosea mguu mniambie kabla hamjaenda upande wa pili. Kwa kawaida mdogo hujielekezea ncha ya methali, na mkubwa ndiye mwenye ruhusa ya kuielekeza kwa mwingine. Tumeshuhudia mwenzetu mmoja akiisahau kanuni hii katika jumuiya ndogondogo, akiwaambia wazazi kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa rumande wiki ile aliondoka kabla ya sala ya kufunga. Mwenzetu hakujua habari ya rumande. Kutokujua ndiko kulikokuwa kosa lenyewe, maana methali ya jumla hutafuta mtu wa kumwangukia, na humpata.

Kuna mahali pengine ambapo tungependa waseminari wenzetu waache kabisa, napo ni makaburini. "Kazi ya Mungu haina makosa." Msemo huu tumeusema sote. Tuliusema pia katika mazishi ya mtoto wa miaka minne, katika kijiji fulani cha mkoa huu, mtoto aliyefariki kwa homa. Bibi yake alitusindikiza hadi njiani baada ya mazishi. Akasema kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Mungu hana makosa, sawa wanangu. Na sisi tuliokaa naye siku tatu nyumbani tukingoja pikipiki?" Hatukuwa na jibu. Msemo wetu ulikuwa umemfunga mdomo kaburini, akalazimika kungoja hadi njiani ndipo aseme lililokuwa likimchoma. Tuliona siku ile kwamba kuna methali zinazotumika kuziba jambo gumu badala ya kulibeba. Mbele ya jeneza dogo kama lile, afadhali jina la mtoto litajwe, na jambo moja alilopenda kulifanya, kisha kimya.

Swali la mwisho ni mahali pa kuzipata. Wengi wetu tunazichota katika vitabu vya shule, ambamo methali imeandikwa na maana yake mbele yake, kama dawa na kipimo chake. Katika Jimbo la Shinyanga, ambalo waamini wa Bariadi, Maswa na Meatu wamelelewa ndani yake, kulikuwa na njia iliyo bora zaidi. Padre Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll, aliyeishi miaka mingi Ndoleleji, alikaa na wazee na makatekista akikusanya methali, vitendawili, hadithi na nyimbo za Kisukuma, na pamoja na Padre Joseph Healey akatoa vitabu vya Kiswahili, kikiwemo Kueneza Injili kwa Methali. Kinachotufaa zaidi katika kazi yao ni kwamba methali haikutengwa na hadithi yake na matumizi yake kati ya watu. Methali ya Kisukuma isemayo nilikuonyesha nyota, ukaona kidole changu tu, ukiipata kavu ni picha nzuri. Lakini ukiisikia kutoka kwa baba aliyemwambia mwanawe baada ya kumpa ushauri wa mwaka mzima, na mwana akakumbuka tu kwamba baba alikuwa mkali, umepata na mahali pa kuitumia.

Kwa hiyo sisi tumeanza daftari. Hatuandiki methali na maana. Tunaandika nani alimwambia nani, mbele ya nani, kulikuwa na ugomvi gani, na aliyeambiwa alijibu nini. Ni kazi ya polepole. Muhula mzima tumepata kurasa kumi na moja. Na kabla ya mwenzetu kuhubiri, tunamsomea homilia yake tukiwa tumeiruka methali. Kama hakuna kilichopungua, anaiacha nyumbani.

Tulirudi katika parokia ile ya Bariadi wakati wa Majilio kusaidia katekesi. Padre yule alikuwa amekuja likizo na ndiye aliyeadhimisha Misa ya pili. Alihubiri kwa dakika tisa. Tulipotoka tulikuwa nyuma ya akina mama wawili waliokuwa wakifunga vitenge vyao vizuri kwa ajili ya jua, na mmoja akamuuliza mwenzake, bila kugeuka, "Vipi, tuhame?"

Mwenzake akafikiri kidogo. "Leo bado tupo."